Kikomo ni cha hisa, hasara ni yangu

Saa mbili na robo usiku nilikuwa jikoni nakuna nazi, simu ikatetemeka juu ya kabati. Hisa saba za kampuni ya chipu za kompyuta, nilizonunua soko la Marekani siku nne nyuma kwa dola 140 kila moja, zilikuwa zimeuzwa kwa dola 133. Kikomo cha hasara nilichokiweka kwa mkono wangu kilikuwa kimeguswa, na broka alifanya kile kile nilichomwagiza. Nikafuta mikono, nikafungua chati. Bei ilikuwa inacheza kwenye 132. Nikarudi kwenye nazi.

Saa tano usiku soko lilipofungwa, hisa ile ile ilikuwa dola 138.

Wiki tatu baadaye ilikuwa 158.

Kutolewa sokoni nimeshazoea, na siku hiyo nililala vizuri tu. Kilichonikosesha raha kwa wiki kadhaa ni hisa nyingine iliyokuwa kwenye akaunti hiyo hiyo, ya kampuni ya vinywaji baridi. Niliinunua dola 62, nikaweka kikomo kile kile cha asilimia tano, yaani dola 58 na senti 90. Ikaanza kushuka. Haikuanguka, ilishuka pole pole kama maji yanavyokupwa, senti thelathini leo, senti kumi na tano kesho. Baada ya wiki saba ilikuwa dola 59 na senti 40. Sababu iliyonifanya niinunue ilikuwa imekwisha kufa tangu wiki ya tatu, na kikomo changu hakijaguswa.

Hisa mbili, asilimia tano mbili. Moja ilinitoa nikiwa nimepatia, nyingine ikanishikilia nikiwa nimekosea.

(Majina ya kampuni nayaacha makusudi. Bei za leo zitapitwa, na sitaki mtu anunue kitu kwa sababu amekiona hapa.)

## "Hii tano umeitoa wapi?"

Kaka yangu ni mtunza hesabu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Hanunui hisa, ila daftari langu hulisoma kwa sababu nilimwomba awe analisoma. Jumapili moja alifika kwenye safu ya vikomo, akaweka kidole.

"Mdogo wangu, hii tano umeitoa wapi?"

"Ndiyo ninayoitumia siku zote, kaka."

"Sijakuuliza unaitumia tangu lini. Nimekuuliza umeitoa wapi."

Sikuwa na jibu. Nikawaza kwamba ni namba ya mviringo, inakaa vizuri kichwani, na watu wengi huisema. Nikawaza pia kwamba niligawa fedha sawa, kama dola elfu moja kila hisa, kwa hiyo hasara nayo ingekuwa sawa. Hesabu ilionekana kunitetea: chipu saba mara dola 7 ni dola 49, soda kumi na sita mara dola 3 na senti 10 ni dola 49 na senti 60. Hasara zinalingana.

Kaka akatikisa kichwa. "Hasara zinalingana. Ila uwezekano wa kuipata kila moja, unalingana?"

Hapo ndipo niliporudi kwenye chati na kufanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kununua. Niliangalia kila hisa hutembea kiasi gani katika siku ya kawaida, siku isiyo na habari yoyote. Wastani wa mwendo huo kwa siku 14, unaoitwa ATR, kwa chipu ulikuwa dola 6 na senti 50. Wa soda ulikuwa senti 80.

Sasa chukua kikomo changu ukigawe kwa namba hizo. Dola 7 za chipu ni mwendo wa siku moja na kidogo. Dola 3 na senti 10 za soda ni karibu mwendo wa siku nne.

Maana yake ni kwamba kwenye chipu niliweka kikomo mahali ambapo bei hupita ikiwa inajinyoosha tu. Siku moja ya kawaida ikiangukia upande wa chini, nimetoka. Kwenye soda nilikiweka mbali kiasi kwamba hisa ingeweza kunioza mikononi bila kukifikia. Asilimia tano ni kipimo changu mimi, hisa hazikijui.

## Neno "halisi" lina kazi

ATR ni wastani wa mwendo halisi wa bei kwa siku. Aliyeibuni ni Mmarekani J. Welles Wilder, mhandisi wa mitambo kabla hajawa mtu wa masoko, naye aliichapisha mwaka 1978. Alikuwa akifikiria masoko ya mazao na bidhaa, ambako bei ya asubuhi huweza kufunguka mbali kabisa na ilipolala jana. Ukipima tu umbali kati ya bei ya juu na ya chini ya leo, mruko huo wa usiku unakupita bila kuuona.

Kwa hiyo mwendo halisi huchukua umbali mkubwa kuliko yote kati ya mitatu: juu ya leo hadi chini ya leo, kufunga kwa jana hadi juu ya leo, na kufunga kwa jana hadi chini ya leo.

Siku iliyonifundisha tofauti hii kuliko maelezo yoyote ni tarehe 3 Februari 2022. Jana yake hisa ya Meta, kampuni ya Facebook, ilifunga dola 323. Soko lilipokwisha kufungwa ikatoa ripoti ya robo mwaka iliyowakatisha tamaa wenye hisa. Asubuhi ikafunguka karibu dola 245, ikacheza siku nzima kati ya takriban 248 na 236, ikafunga chini ya 238.

Ukitoa chini kwenye juu unapata kama dola 12. Ungesema siku ya mtikisiko wa wastani tu. Ila aliyelala na hisa hiyo alipitia umbali wa dola 87, kutoka 323 hadi 236, na sehemu kubwa ya umbali huo ilipita akiwa usingizini.

Hizo 87 ndizo mwendo halisi.

Baada ya hapo ni wastani tu. Wilder hakutumia wastani wa kawaida. Kila siku huchukua ATR ya jana mara 13, anaongeza mwendo halisi wa leo, anagawa kwa 14. Hapa chini TR ni mwendo halisi, H ni bei ya juu, L ya chini, C ya kufunga:

```
TR   = max(H - L, |H - C_jana|, |L - C_jana|)
ATR  = (ATR_jana * 13 + TR) / 14
hisa = hasara / (k * ATR)
```

Mstari wa tatu si wa Wilder, ndio wa makala hii. `k` ni mara ngapi ya ATR unataka kikomo kikae mbali na bei uliyonunulia. Mimi natumia 2, na nitaeleza chini kwa nini.

## Kugeuza hesabu

Zamani nilikuwa naanza na fedha: nina elfu moja, naweza kununua ngapi? Kisha naweka kikomo mwisho kabisa, kama kufuli la mlango baada ya nyumba kwisha.

Sasa naanza na hasara. Akaunti yangu ilikuwa na dola 4,000, na niliamua kwamba biashara moja ikiharibika nisipoteze zaidi ya asilimia moja, dola 40. Hiyo namba ni yangu, inatokana na mfuko wangu na usingizi wangu. Umbali wa kikomo si wangu, ni wa hisa, natakiwa kuusoma tu. Vitu viwili hivyo vikishakaa, idadi ya hisa haina mjadala tena.

Chipu: mara mbili ya 6.50 ni dola 13. Arobaini gawanya kwa 13 ni tatu na kidogo, nachukua 3. Kikomo kinakaa dola 127. Kikiguswa napoteza dola 39.

Soda: mara mbili ya senti 80 ni dola 1 na senti 60. Arobaini gawanya kwa 1.60 ni 25. Kikomo kinakaa dola 60 na senti 40. Kikiguswa napoteza dola 40.

Rudisha siku nyuma sasa. Usiku ule wa nazi, chipu ilishuka hadi dola 131 na senti 90. Kikomo cha 127 hakikuguswa, na ningekuwepo ilipofika 158. Soda ingenitoa mapema kwenye 60.40, fedha ikawa huru kufanya kazi nyingine badala ya kukaa wiki saba ikinyauka.

Lakini kuna jambo lilinichukua muda kulikubali, na najua wengi mtakwama hapo hapo. Hisa saba hadi 158 ni faida ya dola 126. Hisa tatu ni dola 54. Moyo wangu uliangalia 126 kwa siku nyingi. Ilibidi nijilazimishe kuona kwamba hizo 126 hazikuwahi kuwa zangu, kwa sababu aliyeshika hisa saba hakuweza kumudu kikomo cha dola 13. Angepoteza dola 91 kikiguswa. Ndiyo maana alikisogeza karibu, na ndiyo maana alitolewa. Idadi kubwa na kikomo kipana havikai mfuko mmoja.

Watu huniambia, "Ukipanua kikomo umeongeza hatari." Inakuwa kweli kama hujapunguza hisa. Ukipunguza, hasara inabaki pale pale na kinachobadilika ni nafasi ya bei kupumua.

## Mbili inatoka wapi?

Kaka alipoona `k = 2` akaniangalia bila kusema kitu. Nilielewa. Nilikuwa nimeondoa namba moja isiyo na asili nikaweka nyingine.

Nilichofanya ni kurudi kwenye biashara zangu zilizokwisha, zile zilizoleta faida peke yake, zilikuwa kumi na nne. Kwa kila moja nilitafuta kitu kimoja: kabla haijapanda, ilizama kiasi gani chini ya bei niliyonunulia? Kisha nikagawa huko kuzama kwa ATR ya siku niliyonunua. Kazi ya jioni mbili, na penseli inatosha.

Kumi na moja kati yake hazikuzama zaidi ya ATR moja na nusu. Mbili zilifika karibu na mbili. Moja tu ilipita mbili na bado ikarudi.

Kwa namna ninavyonunua mimi, basi, biashara nzuri huonyesha uzuri wake kabla ya kuzama ATR mbili. Ikizidi hapo, mara nyingi nimekosea. Biashara kumi na nne ni chache na ninaendelea kuhesabu, ila sasa namba ina mahali ilipotoka. Anayeshika hisa kwa miezi huenda akakuta yake ni 3 au zaidi. Anayeingia na kutoka ndani ya siku mbili ataona hata 14 za kupima wastani ni nyingi. Pima za kwako, usichukue zangu.

## Kosa nililolifanya baada ya kujua

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu lilinigharimu wakati nikidhani nimeshaelewa.

Nilinunua hisa ya tatu kwa dola 88, ATR ikiwa dola 3. Kikomo 82, hisa 6, hasara ya juu dola 36. Safi. Siku chache baadaye soko zima likachafuka, bei ikashuka hadi 83 na nusu, na kwa kuwa siku zilikuwa pana, ATR ikapanda hadi dola 4 na senti 20.

Nikafanya hesabu upya kwa ATR mpya. Mara mbili ya 4.20 ni 8.40, kwa hiyo kikomo "sahihi" ni dola 79 na senti 60. Nikakisogeza chini, na niliamini kabisa kwamba nafuata kanuni.

Bei ikashuka hadi 79. Nikapoteza zaidi ya dola 50 kwenye biashara niliyojiahidi isizidi 36.

Ilinichukua siku mbili kuona nilipopotea. Hisa zinaposhuka kwa hofu, ATR hupanda. Ukiiacha ATR ikupangie kikomo kila siku, itakisogeza mbali zaidi kila biashara inapozidi kuharibika. Na idadi ya hisa ulishaifunga kwa ATR ya siku ya kwanza, huwezi kubadilisha upande mmoja wa mgawanyo ukaacha mwingine.

Siku hizi ATR ya siku ya kununua naiandika kwa wino. Kikomo kinaruhusiwa kupanda tu. Bei ikipanda nakipandisha kwa umbali ule ule wa dola nilioanza nao. Mtikisiko ukiongezeka sana katikati ya safari nami sitaki kutoka, napunguza hisa, sigusi kikomo.

## Utulivu unaodanganya

Turudi kwa soda. Hisa 25 mara dola 62 ni dola 1,550, karibu asilimia 39 ya akaunti yote, kwenye kampuni moja. Kanuni imesema hivyo kwa sababu hisa ni tulivu.

Nilipoona namba hiyo nilisita, na nashukuru nilisita.

ATR inaangalia nyuma tu. Inakwambia bei ilitembeaje wiki tatu zilizopita, haijui kwamba Jumatano ijayo kampuni inatoa ripoti. Na mara nyingi kabla ya ripoti watu husubiri, siku zinakuwa fupi, ATR inashuka. Kanuni ya mgawanyo inafanya nini? Inakupa hisa nyingi zaidi, usiku mmoja kabla ya mruko.

Chukua tena Meta ya mwaka 2022. Tuseme kwa mfano tu kwamba ATR ilikuwa dola 10, na mtu mwenye akaunti kama yangu alinunua kwa 323, kikomo 303, hisa 2, akikubali kupoteza dola 40. Kikomo kile si ukuta. Ni agizo la kuuza bei ikifika hapo au chini ya hapo, na asubuhi ile bei ya kwanza iliyokuwepo ilikuwa kama 245. Anauza hapo. Hasara ni dola 78 mara mbili, 156. Karibu mara nne ya alichokipanga, na hakuna aliyemwibia.

Kwa hiyo nimeweka mambo mawili juu ya kanuni. La kwanza ni dari: hisa moja isizidi asilimia 20 ya akaunti, hata hesabu iseme nini. Nimeifikia kwa kufikiria siku ya aina ya Meta. Kampuni ikiporomoka robo ya thamani usiku mmoja, asilimia 20 yangu inanitoa asilimia 5 ya akaunti. Inauma, lakini inavumilika. Soda kwa dari hiyo inakuwa hisa 12, na hasara kwenye kikomo inakuwa dola 19 tu badala ya 40. Nimekubali. Sina lazima ya kutumia kila senti ya hasara niliyojiruhusu.

La pili ni kupima kwa madirisha mawili, ATR ya siku 14 na ya siku 50, kisha kutumia iliyo kubwa. Ya 14 ikiwa imesinzia, ya 50 bado inakumbuka.

Na ripoti ya robo mwaka ikikaribia, naangalia tarehe kabla ya kuangalia ATR.

## Namba mbili kwa hisa moja

Msomaji mmoja aliwahi kuniandikia kwamba programu yake inaonyesha ATR tofauti na ninayoitaja, kwa hisa hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, na zote zimewekwa 14. Wala hakuna iliyokosea. TradingView kwa kawaida hutumia ulainishaji wa Wilder, ulioandikwa RMA kwenye mipangilio. ATR iliyokuja na MetaTrader hutumia wastani wa kawaida wa siku 14.

Siku za kawaida tofauti ni ndogo. Baada ya mruko mkubwa inakuwa kubwa. Kwa mfano wetu wa dola 10, siku moja ya 87 inaipandisha ATR hadi 15 na nusu kwa njia zote mbili. Baada ya hapo ya Wilder inapungua kidogo kidogo, na nusu ya uvimbe inaisha baada ya kama siku tisa za soko. Ya wastani wa kawaida inakaa imevimba siku zote 14, kisha siku ya 15 ile 87 inatoka dirishani na namba inaanguka ghafla, ingawa sokoni hakujatokea kitu. Ukinunua siku hiyo, idadi ya hisa inaruka kwa sababu ya kalenda.

Chagua moja, ubaki nayo. Na kama kampuni imegawanya hisa zake hivi karibuni, hakikisha bei za zamani kwenye chati zimerekebishwa, la sivyo mgawanyo utahesabiwa kama anguko.

## Nilipoipeleka nyumbani

Nilijaribu kanuni hii kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hisa chache ninazozishika huko. Kwa hisa mojawapo ATR ilitoka karibu na sifuri. Mgawanyo ukaniambia ninunue maelfu.

Nikafungua orodha ya mauzo. Siku nyingi hakukuwa na hisa hata moja iliyobadilishana mikono. Bei ya kufunga ilikuwa ile ile ya jana kwa kuwa hakuna aliyekuja, na mwendo halisi wa siku isiyo na biashara ni sifuri. ATR ilikuwa inapima ukimya. Siku ambayo ningetaka kutoka, kikomo kingekuwa namba kwenye karatasi, kwa sababu asingekuwepo mnunuzi hapo wala senti kumi chini yake.

Kwenye hisa za namna hiyo natumia swali jingine kabisa: kwa siku za kawaida huuzwa ngapi, na zangu zitachukua siku ngapi kupata wanunuzi? ATR nimeiweka pembeni.

## Kilichobaki hakijakaa sawa

Mwezi uliopita nilikuwa na hisa nne, kila moja na dola 40 zake za hasara. Tatu zilikuwa za kampuni zinazotegemea chipu. Siku moja zote tatu ziligusa vikomo ndani ya saa moja, na kaka akaandika dola 117 kwenye mstari mmoja, akaniuliza kama hizo ni biashara tatu au moja.

ATR hupima hisa moja moja. Haijui kwamba zile tatu ni ndugu. Kwa sasa hisa za ukoo mmoja nazipa dola 80 kwa jumla, zigawane. Hizo dola 80 nazo sijui nimezitoa wapi, nazifanyia kazi.

Jana saa kumi na moja na dakika kumi jioni, kabla soko halijafunguliwa, nilirudi kwenye ile ile ya chipu. Bei dola 171. ATR ya siku 14 imefika dola 9 na senti 10, ya siku 50 iko chini ya hapo. Mara mbili ni 18 na senti 20. Arobaini gawanya kwa hiyo ni mbili na kidogo.

Kaka alikuwa ameshika kalamu. Akaandika hisa 2, kikomo 152.80, hasara 36.40, na pembeni, kwa wino, ATR 9.10.

"Hii haibadilishwi?" akauliza.

"Haibadilishwi, kaka."